Wimbo wa 41: Fundi Kimya na Dada wa Kirikuu

SUBIRA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo hatuna mgeni. Nimekuja na hadithi fupi niliyoandika mwenyewe, na kaka Hamisi amekuja na kalamu nyekundu.

HAMISI: Kalamu sijaileta, dada. Nimekuja na masikio tu. Lakini niwaambie wanaotusikiliza, kabla sijashika maikrofoni nilishika spana miaka sita, gereji moja ya uchochoroni pale Msamvu, Morogoro. Hadithi ya fundi ikisomwa mbele yangu siwezi kunyamaza.

SUBIRA: Ndiyo maana nilikutumia wewe kwanza. Na ulinirudishia mara mbili.

HAMISI: Mara tatu.

SUBIRA: Tatu, kweli. Basi hadithi yenyewe inamhusu fundi mwenye haya, na kila alasiri anapiga wimbo mmoja kwenye redio ya gereji, kwa sababu kuna mteja anaupenda. Wasikilizaji watapata vipande vyake, na tutazungumza tulivyokuwa tukibishana. Naanza.

"Gereji ile haikujua majina ya wateja. Ilijua magari. Kulikuwa na Mzee wa Korola, kulikuwa na Mwalimu wa Vespa, na kulikuwa na Dada wa Kirikuu, aliyeshusha mboga kutoka Mgeta hadi soko la Mawenzi, na saa tisa alasiri akapita kuongeza maji. Fundi naye hawakumwita jina lake. Vijana walimwita Kimya. Aliongea na boliti zaidi ya watu, na boliti ikikataa hakuitukana. Aliitia mafuta akaisubiri."

HAMISI: Hapo mwanzo palinikamata. Gereji ni hivyo hivyo kabisa. Mtu anakuja miaka mitatu, siku akibadilisha gari unashindwa umwiteje.

SUBIRA: Na kwa mtu mwenye haya ni hifadhi. Halazimiki kuuliza jina.

HAMISI: Sasa tuwaambie ugomvi wa kwanza. Rasimu ya kwanza ulisema anampigia wimbo kutoka redioni. Nikakuuliza, redio ipi hiyo inayomtii? Ukifungua stesheni, anayechagua wimbo ni mtangazaji. Huwezi kumpangia saa tisa kila siku.

SUBIRA: Mimi kichwani nilikuwa na kadi za salamu. Watu wa rika langu wanazikumbuka. Unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimu, pembeni unaomba wimbo wako, unaituma, halafu unakaa na redio siku nyingi ukisubiri kusomwa. Nilidhani mtu mwenye haya angependa njia hiyo, kwa sababu mtangazaji anamsemea.

HAMISI: Lakini ile ni ya mara moja. Wako unasema kila alasiri.

SUBIRA: Kila alasiri, ndiyo. Nikajaribu kaseti, nikaona muda wa hadithi ni wa sasa, kirikuu zimejaa mjini, kaseti haikai. Wewe ndiye uliyenitoa hapo. Eleza redio ya gereji ilivyo.

HAMISI: Redio ya gereji mara nyingi ni redio ya gari iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Inawekwa juu ya benchi, spika imechomolewa kwenye mlango wa Noah, betri ya gari iko chini ya benchi. Nyuma ya redio kuna waya nyingi, lakini za umeme unazozihitaji ni tatu. Mweusi unakwenda hasi. Mwekundu kwenye gari unakwenda kwenye swichi ya ufunguo, ndio unaoiambia redio iwake. Na wa njano unakwenda chanya moja kwa moja, haupiti kwenye ufunguo. Huo wa njano kazi yake mojawapo ni kutunza kumbukumbu. Ukizima gari usiku, redio inakumbuka stesheni yako na wimbo ulipoishia kwa sababu wa njano bado una umeme.

SUBIRA: Uliponiambia hivyo nilisimama jikoni na sufuria mkononi. Waya wa kumbukumbu!

HAMISI: Kwenye benchi hakuna ufunguo, kwa hiyo mwekundu na wa njano tunazisokota pamoja, zote zinashika chanya. Redio inawaka vizuri. Tatizo ni kwamba jioni betri inachomolewa, inafungiwa stoo, maana ukiiacha nje asubuhi huikuti. Ikichomolewa tu, wa njano umekosa umeme, na redio inasahau kila kitu. Kesho inaanza wimbo wa kwanza kwenye flashi.

SUBIRA: Nikaandika upya. Sikilizeni.

"Flashi ilikuwa ya bosi, na nyimbo zake zilipangwa na kijana wa duka la stesheni kwa mpangilio alioujua yeye. Kioo cha redio kilikufa zamani, namba hazikuonekana. Saa tisa kasoro robo Kimya alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akainama chini ya benchi kana kwamba anatafuta spana, akachomoa waya wa chanya na kuurudisha. Redio ikasahau. Ikaanza wimbo wa kwanza. Hapo akaanza kubonyeza, akihesabu moyoni. Wimbo wa yule dada ulikuwa wa arobaini na moja."

HAMISI: Mara arobaini.

SUBIRA: Eh?

HAMISI: Redio ikiwaka iko kwenye wimbo wa kwanza. Kufika wa 41 unabonyeza mara 40.

SUBIRA: Umeona wasikilizaji ninavyoteseka? Ni mara arobaini, na kwenye hadithi nimeandika arobaini, lipo mbele kidogo. "Mara arobaini kidole kilibonyeza, na kila mara gitaa la mtu mwingine lilitoa sauti nusu likakatwa." Napenda sana sentensi hiyo. Nilikuwa nimehangaika namna ya kuonyesha anampenda bila kulitaja neno. Kubonyeza mara arobaini, kila siku, na hakuna anayejua. Vijana wanadhani redio ni mbovu.

HAMISI: Nilikuuliza pia, kwa nini asinunue flashi yake, akaweka wimbo mmoja?

SUBIRA: Nikakujibu kwamba angeulizwa. Kijana wa duka angeuliza, "Wimbo mmoja tu, fundi?" Bosi angeuliza, "Hii flashi ya nani?" Mtu mwenye haya anaweza kubeba kazi ngumu kila siku ili akwepe swali moja.

HAMISI: Hiyo nilikubali bila kubishana. Mimi nilikuwa na mwenzangu gereji, alikuwa anazunguka mtaa mzima asipite mbele ya duka moja.

SUBIRA: Kwa nini?

HAMISI: Muuzaji alimsalimia kwa uchangamfu sana.

SUBIRA: Unaona! Basi tuje kwenye siku alipojua kwamba dada anaupenda ule wimbo. Hakuambiwa. Napasoma.

"Siku ile redio ilijiendea yenyewe. Kirikuu ikaingia na vumbi lake, dada akanyoosha mkono kwenye ufunguo, akazima injini, halafu mkono ukabaki palepale. Hakushuka. Ndoo ya maji ilikuwa mkononi mwa Kimya na Kimya naye hakusogea. Mwimbaji alipofika mahali anapouliza kwa nini barua haijibiwi, midomo ya dada ikaenda naye, neno kwa neno, bila sauti. Wimbo ukaisha. Akashuka, akasema, 'Maji, fundi,' kama mtu aliyefika sasa hivi."

HAMISI: Na jina la wimbo hukulitaja.

SUBIRA: Sikutaka. Ningetaja mmoja, msomaji wa Tanga angesema huo si wake. Lakini umbo lake nimelitunza, kwa sababu hadithi nzima imekaa juu ya umbo hilo. Ni wimbo wa dansi wa zamani, wa enzi ambazo Morogoro yenyewe ilikuwa na Morogoro Jazz, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa hapo kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Wale wanamuziki hawakuwa na haraka. Sehemu ya kwanza wanakusimulia kisa. Halafu sauti zinakaa pembeni, magitaa yanachukua, saksofoni inaingia, na huko ndiko watu wanakocheza.

HAMISI: Na mwenyewe Mbaraka alifia barabarani, ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Gereji ya kwetu kila wimbo wake ulipopigwa kuna mzee alikuwa anasema hilo. Kila mara. Hakuna aliyemkatiza.

SUBIRA: Umenipa kitu, hilo sikuwa nalo. Sasa jambo lenyewe ni hili. Nyimbo hizo zilipotolewa kwenye santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja haukutosha. Unabeba dakika nne, tano hivi. Kwa hiyo wimbo uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mwisho wa upande wa kwanza mara nyingi unasikia sauti inafifia, katikati ya utamu. Unainuka, unageuza sahani, ndipo unaendelea.

HAMISI: Na waliozihamishia kwenye kompyuta wakaziacha vivyo hivyo.

SUBIRA: Mara nyingi ndiyo. Faili mbili. Kwenye flashi ya bosi, wa 41 ni kisa, wa 42 ni magitaa. Na dada wa kirikuu hajawahi kusikia wa 42 pale gereji. Anaingia, anazima gari, dakika nne za kisa, maji yameshawekwa, sauti ikianza kufifia anawasha gari anaondoka. Anawahi kwenda kuchukua watoto.

HAMISI: Hapo ndipo palikuwa na ugomvi wa pili, na huo ulikuwa mkali. Wasikilizaji, dada Subira alimfanya fundi afungue kifuniko cha rejeta gari likiwa limetoka kushuka milima ya Mgeta!

SUBIRA: Nilikuwa sijui.

HAMISI: Rejeta ya moto ina presha. Maji mle ndani yamepita joto la kuchemka na yanazuiwa na kifuniko tu. Ukifungua yanakurukia usoni kama mvuke na maji pamoja. Nimemwona mtu kaungua shingo yote. Unasubiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira mkubwa wa juu ukiuminya unabonyea laini, haukazi. Na dada huyu ana dakika nne.

SUBIRA: Hadithi yangu ilikuwa imekufa. Nusu saa wangekaa pamoja bila kuongea, hata mimi ningekimbia.

HAMISI: Ikaokolewa na chupa ya akiba. Gari hizi zina kichupa cha plastiki pembeni, kimeungwa na rejeta kwa mpira mwembamba. Kwenye kirikuu hakina presha, kwa hiyo unaweza kuongeza maji hata injini ikiwa ya moto, hadi kwenye alama ya juu. Nusu lita hivi. Usiku injini ikipoa, maji ya ndani yanasinyaa, rejeta inavuta kutoka kwenye chupa. Asubuhi chupa imepungua lakini rejeta imejaa. Gari linalovuja kidogo linaweza kwenda hivyo kwa muda.

SUBIRA: Na ndiyo ikawa sababu ya kuja kila siku. Chupa ndogo, safari ya Mgeta kila alfajiri.

HAMISI: Sasa swali ambalo lilinifanya nikupigie simu usiku. Gari linapunguza maji kila siku, na huyu ni fundi. Fundi gani anaongeza maji miezi mitatu bila kuuliza yanakwenda wapi? Kwenye rasimu ya pili ulisema anajua. Anajua, na ananyamaza, ili dada aendelee kuja.

SUBIRA: Ulikasirika kweli.

HAMISI: Nilikasirika. Yule dada anashuka milima na mzigo wa karoti na kabichi, wewe unajua pampu yake inakufa, unampigia muziki? Huyo si mwenye haya. Huyo ni mtu mbaya. Siku pampu ikigoma injini itachemsha, gasketi ya silinda hedi itaungua, na kirikuu ndiyo kazi yake.

SUBIRA: Nilikata simu nikakaa nayo siku nne. Nilijua uko sahihi, lakini sikutaka awe fundi mjinga pia. Nilitaka fundi hodari ambaye hajui. Nikajiuliza, fundi hodari anajuaje ugonjwa wa gari? Wewe ulishaniambia zamani, kwa sikio kwanza.

HAMISI: Sikio kwanza. Mkono baadaye.

SUBIRA: Basi nikarudi kwenye ile picha ya kwanza. Dada anaingia, anazima injini ili asikie wimbo. Nikaruka! Kwa sababu akizima injini, fundi hasikii injini. Miezi mitatu, kila siku, gari lile limekaa mbele yake likiwa kimya. Akija ameshazima, akiondoka anakanyaga mafuta akiwahi watoto. Hajawahi kulisikia likinguruma limesimama hata dakika moja.

HAMISI: Uliponisomea hapo nilikaa kimya.

SUBIRA: Ulisema "aisee" halafu ukakaa kimya.

HAMISI: Maana ni kweli kabisa. Pampu ya maji ikianza kufa, mlio wake wa beringi unausikia injini ikiwa taratibu. Ukikanyaga mafuta unamezwa na kelele nyingine. Na mvujo wake wa mwanzo hauonekani chini. Unatokea kwenye kitundu kidogo chini ya pampu, tone linadondokea chuma cha moto, linakauka. Ukitaka kuona uchunguze michirizi, inaacha alama kama kutu au chokaa. Na kwenye kirikuu injini iko chini ya viti. Huwezi kuinama tu ukaona.

SUBIRA: Hilo la viti ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kwa gari jingine unafungua boneti. Kwa kirikuu lazima mtu ashuke, umnyanyulie kiti alichokalia.

HAMISI: Na kiti bado kina joto.

SUBIRA: Nimeliandika hilo, usiwahi. Inakuja siku ambayo betri haipo. Kuna Noah imegoma kuwaka huko mtaa wa pili, bosi kachukua betri ya redio kwenda kuistua. Saa tisa inafika.

"Kimya alinawa mikono kama kawaida, akainama chini ya benchi, akakuta waya mbili zimeachama. Kirikuu ikaingia. Dada akapeleka mkono kwenye ufunguo, akasubiri. Hakuna kitu. Akatazama benchi, akamtazama yeye. 'Leo hakuna?' akauliza. Maneno mawili. Kimya akahisi masikio yanapata moto, kwa maana aliyeuliza hivyo alikuwa akijua siku zote kwamba ule wimbo haukuwa unajiimbia. Dada hakuzima gari. Hakukuwa na sababu ya kulizima. Na katika aibu ile, akiwa amekodoa macho kwenye ndoo, Kimya akasikia, chini ya kiti cha dada, sauti ya kokoto zinazosagwa polepole."

HAMISI: Kokoto. Ndivyo inavyolia. Beringi ikiwa imekauka grisi na maji yameingia, inalia hivyo.

SUBIRA: Halafu anasema naye. Hotuba yake ndefu kuliko zote kwenye hadithi. "'Shuka, dada. Usizime. Naomba kiti.'" Ni hiyo tu.

HAMISI: Na hapo sikubadilisha neno. Watu wa namna hiyo ukiwauliza habari zao hawana jibu. Kitu kikilia kwenye injini wanakuamrisha.

SUBIRA: Soma wewe kinachofuata, ni sehemu uliyonisaidia.

HAMISI: Haya. "Akanyanyua kiti, joto la aliyekikalia likapita kwenye viganja vyake, akakiegemeza. Akachukua bisibisi ndefu. Ncha akaigusisha kwenye bodi ya altaneta, mpini akauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kimya. Akahamishia kwenye bodi ya pampu ya maji. Kokoto zikamwingia kichwani. Akazima injini, akalegeza feni belti akaitoa, akawasha tena kwa muda wa kuhesabu kumi. Kokoto hazikuwepo. Akazima. Akaishika pulei ya pampu kwa vidole viwili, akaitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto."

SUBIRA: Waelezee kwa nini alitoa belti.

HAMISI: Belti ile inazungusha vitu viwili, altaneta na pampu. Ukiitoa na mlio ukaisha, umejua uko kwenye kimojawapo, hauko ndani ya injini. Bisibisi peke yake inaweza kukudanganya kwa sababu chuma kinabeba sauti. Halafu unazungusha kila kimoja kwa mkono. Lakini hesabu kumi tu, usizidi sana, maana bila belti maji hayazunguki na injini ilishakuwa ya moto. Pulei ikicheza, hakuna mjadala. Pampu hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.

SUBIRA: Na anaibadilisha. Hapo nimepita haraka, aya moja. Dada anakaa kwenye stuli, watoto wanachukuliwa na jirani. Kinachonivutia ni kwamba anajua anachokifanya. Kila boliti anayoikaza inamwondolea sababu ya dada kuja. Anaikaza vizuri vilevile.

HAMISI: Anakwangua gasketi ya zamani mpaka chuma king'ae. Ulikubali kuiweka hiyo. Mwenye haraka anabandika mpya juu ya mabaki, na baada ya wiki inavuja tena. Angetaka dada arudi angefanya hivyo, na hakuna ambaye angejua.

SUBIRA: Umesema vizuri kuliko mimi. Mimi nimeandika tu kwamba alikwangua mpaka akaona uso wake.

HAMISI: Inatosha. Sasa mwisho. Hapo mara ya tatu nilikurudishia, kwa sababu dada alirudi kesho yake. Nikasema haiwezekani. Mtu ana watoto, ana soko, gari limepona. Kesho yake hawezi kuja.

SUBIRA: Ndipo nikaziweka siku mbili. Siku ya kwanza anabonyeza mara arobaini, wimbo unapigwa, kirikuu haiji. Siku ya pili anabonyeza tena. Vijana wanamwambia, "Kimya, huu wimbo tumeuchoka." Anawaachia redio. Siku ya tatu hajagusa kitu, redio inapiga mambo ya vijana, saa tisa na dakika kumi, kirikuu inaingia. Nisome mwisho?

HAMISI: Soma.

SUBIRA: "Hakuzima. Aliiacha injini ikinguruma, akatoa kichwa dirishani, kama anayemwambia asikilize. Kimya akasikiliza. Ilikuwa safi. Akatikisa kichwa kukubali. Dada akazima gari, akakaa. Chupa ya akiba ilikuwa imejaa, ilionekana hata kwa mbali, na ndoo haikuwa na kazi. Kimya akaenda kwenye benchi. Safari hii hakuinama kana kwamba anatafuta spana. Akachomoa waya, akaurudisha, akaanza kubonyeza, na vijana wakamwona, na dada akamwona, mara arobaini. Kisa kikaimbwa. Barua haikujibiwa. Sauti ikaanza kufifia na mkono wa dada ukaenda kwenye ufunguo, kwa mazoea.

'Una upande wa pili,' Kimya akasema.

Mkono ukasimama. Ukapita ule ukimya mdogo wa kugeuza sahani, na magitaa yakaingia."

HAMISI: Aisee.

SUBIRA: Ndiyo hiyo.

HAMISI: Nina swali moja tu la fundi.

SUBIRA: Uliza.

HAMISI: Ile belti. Aliporudisha, aliikaza kiasi gani? Maana ikikazwa kupita kiasi inaua beringi mpya.

SUBIRA: Anaibonyeza katikati kwa kidole gumba, inaingia kama sentimita moja. Ukurasa wa saba.

HAMISI: Basi. Sina la ziada.